Siku moja maishani mwangu: kusaka maji yaliyojificha ukutani Buruburu

Saa 1 asubuhi niko kwenye matatu kutoka Kayole, begi la vyombo magotini, na chuma changu cha kusikilizia kimesimama katikati ya miguu. Ni nondo laini ya urefu wa mita moja na kidogo. Ncha moja nimeichonga butu, nyingine nimeivika kitufe cha mbao cha kuegemeza sikio.

Saa 2 nafika. Nyumba ni ya ghorofa moja, bafu juu, jikoni chini. Ukuta wa sebuleni kando ya jikoni umevimba rangi, na karibu na sakafu chumvi nyeupe imechipuka kama unga. Mama mwenye nyumba anasema wamekwangua na kupaka rangi mara mbili.

"Mama, mkisafiri, unyevu unapungua?"

"Hata kidogo, fundi. Pasaka tulikaa ushago wiki nzima, tukarudi tukaukuta vilevile."

Jibu hilo lina thamani kubwa. Bomba la maji machafu huvuja watu wanapooga au kuosha vyombo, kisha ukuta ukapumua. Unyevu usiokoma nyumba ikiwa tupu hutoka kwenye bomba lenye maji muda wote.

Natoboa matundu madogo matatu kwa drili, usawa wa goti, wa kiuno na wa juu ya kichwa. Vumbi kavu hupeperuka, ila la hapa linatoka kama ugali na kung'ang'ania drili, hata tundu la juu. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida haufiki juu hivyo. Maji haya yanashuka. Nazungushia doa penseli na kuandika tarehe.

Saa 3 napanda kwenye tangi. Nafunga maji yanayoingia, nafunga valvu ya choo (choo kinachovuja polepole kimewadanganya mafundi wengi), natia alama kwenye usawa wa maji. Baada ya saa nzima yameshuka kama nusu sentimita. Kwa tangi hili la lita 1,000 hiyo ni lita tano hivi, na hakuna aliyegusa mfereji.

Saa 4 naanza kutenga laini moja moja kwa pampu ya presha ya mkono. Siamini geti valvu ya zamani: ikipitisha maji kidogo, geji itashuka nawe utalaumu bomba zima. Kwa hiyo nafungua yunioni, kile kiungo cha bomba kinachofunguka, na kuziba mwisho wa bomba kwa plagi. Maji baridi kwanza. Napiga hadi bari 4, dakika 20 mshale hautikisiki. Laini hiyo haina kosa.

Kwenye maji moto mshale unashuka mara moja, lakini sifurahi bado, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani pia hushusha mshale. Nayamwaga maji kupitia shawa mpaka yatoke bila kukohoa, napiga tena. Mshale unaanguka tena, kutoka 4 hadi 1.5. Sasa naamini.

Chini ya sinki ya bafuni kuna yunioni ambapo laini ya moto inagawanyika kwenda jikoni. Naifungua, naziba pande zote mbili. Upande wa bafu unashikilia. Upande unaoshuka jikoni unaanguka. Nyumba nzima imebaki mita tatu za bomba.

Saa 6 tunazima friji na redio. Kijana wangu anashikilia presha bari 4, mimi natembeza chuma ukutani kwenye alama za chaki kila sentimita 20. Matatu ikipita Mumias South Road, nangoja. Pale chini palipolowa zaidi, kimya kabisa. Mita 1.6, kuna pumzi nyembamba. Mita 1.8: *shiiii*, kama mafuta yakianza kupata moto. Mita 2, sauti inafifia. Bomba ni PPR, na plastiki humeza sauti upesi. Ukiisikia vizuri basi uko karibu sana. Bomba la chuma lingeipeleka mbali na kunichanganya.

"Achia presha." Sauti inakufa. "Piga." Inarudi. Bila jaribio hilo sishiki patasi.

Saa 8 nakata kipande cha ukubwa wa daftari. Soketi inayounga vipande viwili vya bomba iko hapo hapo, tone likining'inia chini yake. Nikiipasua naona bomba la milimita 20 limeingia milimita sita tu, badala ya kama 14. Aliyelichoma kuliunga hakulisukuma hadi mwisho. Maji yalikuwa yakifuata mfereji wa bomba ndani ya ukuta hadi sakafuni.

Nakausha, nachoma soketi mpya, na saa 10 napima kwa bari 6 kwa nusu saa. Mshale umetulia.

"Basi Jumamosi nilete mtu wa rangi?"

"Hapana, mama. Liache tundu wazi ukuta upumue, itachukua wiki kadhaa. Nitarudi nitoboe tena hapa chini. Vumbi likipeperuka, ndipo tupige plasta."

Mama ameukubali ushauri, ila amesogeza kochi mbele ya tundu kwa ajili ya wageni. Nimemwomba alivute nyuma hatua moja, hewa ipite.