Slaidi 34 za Kupanda Nazo Kibosho

Slaidi zangu za kahawa nilizitengeneza kwa ajili ya wachomaji kahawa kutoka nje waliokuja Arusha. Zilikuwa 34, na zilipokelewa vizuri. Miezi minne baadaye, Juni 2016, niliombwa nikazungumze na wakulima wa chama cha msingi cha ushirika huko Kibosho, juu ya Moshi, kabla msimu wa mavuno haujaanza. Niliona kazi imeshafanyika: nibadili tarehe, nichukue projekta, nipande mlimani.

Usiku wa kuamkia mkutano nililala kwa dada yangu, Soweto ya Moshi mjini. Alinikuta nikizipitia akaketi kando yangu. Ilipofika picha ya mibuni chini ya migomba, akaniuliza: "Mdogo wangu, hawa wa kesho ukiwaambia kahawa inapenda kivuli cha mgomba, wataandika kwenye daftari?"

Nikachukua karatasi. Kwa kila slaidi niliandika mambo mawili: je, wanalijua hili, na wakishalisikia watafanya nini nalo. Slaidi 11 za mwanzo zikaanguka hapo hapo. Mlima, mwinuko, shamba la kihamba, historia ya ushirika: mchomaji wa ng'ambo alihitaji kuyajua ili aelewe anachonunua, lakini watu wa Kibosho wamezaliwa ndani yake.

Nyingine hazikuwa za kufuta, zilikuwa zinasema kwa kipimo cha watu wengine. Bei niliiandika kwa dola kwa paundi ya kahawa safi. Mkulima anapima kilo za kahawa ya maganda na anahesabu shilingi. Nikaanza upande wake: kilo 100 za maganda zikikobolewa hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi, na hapo ndipo hesabu ya bei inaanzia.

Iliyonisumbua zaidi ni slaidi ya 19: "Kuvundika: saa 24 hadi 48." Mchomaji anatosheka na sentensi hiyo. Mkulima haimfai, kwa sababu Julai kule juu ni baridi na ulenda unaoshika punje unachelewa kuachia, wakati kahawa ya mwenzake wa chini imeshaachia mapema. Anachohitaji ni dalili: chota kiganja kimoja, suuza, sugua. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza na kutoa sauti kama kokoto, ioshe sasa hivi, maana ukiiacha inapitiliza na harufu ya uchachu inaifuata hadi kikombeni. Nikaifuta ile sentensi nikaweka mikono miwili ikisugua punje.

Saa tatu usiku nikampigia katibu wa chama. "Shikamoo, mzee. Msimu uliopita kahawa yenu ilishushwa kwa kosa gani?"

"Marahaba. Punje zilizokatwa, mwanangu. Nyingi mno."

Mashine ya mkono ya kumenya ilikuwemo kwenye slaidi zangu, lakini kama pambo tu, picha nzuri yenye jua la jioni. Sasa ikawa ndiyo mada. Nikamwomba alete mashine halisi. Nafasi ikibana mno, punje inakatwa. Ikilegea mno, matunda yanapita mazima. Kwa hiyo unamenya kiganja cha kwanza, unakagua kilichotoka, unarekebisha, ndipo unamimina debe.

Nilimuuliza pia kuhusu mnada na madaraja. "Hayo wanayajua," alisema. "Mnada si uko hapa Moshi?" Nikaziondoa hizo nazo. Zikabaki tisa.

Kesho yake tulitumia zaidi ya saa nzima kwenye mashine, watu wakipokezana mkono wa kuzungushia. Kisha mama mmoja wa safu ya nyuma akasimama. "Mwalimu, hili daraja la AA linalotajwa kila siku, nani anaionja kahawa na kuamua?"

Nikawatazama wengine. Walikuwa wanasubiri jibu kama yeye. Katibu huenda mnadani. Wao hupeleka maganda ghalani na kusubiri malipo. Nilimuuliza mtu mmoja, nikachukua ujuzi wake kuwa ni wa watu sitini. Liliniuma, kwa kuwa swali lile lilikuwa na jibu tayari ndani ya kompyuta yangu. Nikafungua faili la zamani mbele yao, nikatafuta slaidi ya 27: machekeche yaliyopangana, matundu makubwa juu, madogo chini. AA haionjwi, nikawaambia, ni ukubwa wa punje. Ladha hupimwa kando. Na punje iliyokatwa, hata ikiwa kubwa, huhesabiwa kasoro.

Mama yule aliitazama picha kwa muda. Halafu akaja mbele, akapiga magoti kwenye mashine, akaanza kulegeza skrubu mwenyewe.