Barua ya tivii, drafti ya 7: aya ya pili imekubali

Jamani leo imekubali! Meneja wa vipindi amepiga simu mwenyewe, anataka sehemu ya kwanza aione ikiwa imeshahaririwa ndo aamue kuhusu hizo tano zilizobaki. Kwa waliofuata tangu mwanzo, ni ile dokumentari ya wafanyabiashara wadogo, sehemu 6, ninayoiombea nafasi kwenye kituo cha tivii kwa barua.

Kilichonitesa wiki tatu ni aya moja tu ya barua hiyo, aya ya pili. Ya kwanza unajitambulisha, ya mwisho unasema unaomba nini, hizo zinaandikika. Ya pili ndo inasema kipindi chenyewe ni nini, na mimi kila nikiandika nilikuwa naandika "mfululizo huu utaonyesha maisha na changamoto za wafanyabiashara wadogo", nabadilisha maneno halafu narudi palepale. Drafti ya nne nilimpelekea dada mmoja aliyewahi kupanga ratiba ya vipindi kwenye kituo, akanirudishia na swali moja: "Kaka, mtazamaji anasubiri nini tangazo likiingia?" Nilikasirika kwanza, nikaona hajaielewa kazi, nikalala nayo, asubuhi nikakuta yuko sahihi kabisa. Changamoto hazisubirishi mtu.

Na kosa la pili lilikuwa limejificha humohumo. Nilikuwa nimeandika dakika 12 kila sehemu kwa sababu mtandaoni inakaa vizuri, ila kituo kinapanga kwa nusu saa, ukitoa matangazo na mambo ya kufungua na kufunga unabaki na dakika kama 24 hivi, na kamili wanakuambia wenyewe. Dakika 12 hawana pa kuiweka, labda watafute kitu kingine cha kuijazia, na nani ana muda huo. Kwa hiyo nahitaji hadithi inayobeba dakika 24 na iwe na mahali pa kukatika katikati.

Basi nikarudi kwenye noti zangu za mama muuza mitumba. Mwanzoni nilimweka kwa ajili ya historia yake, alianzaje, alipitia nini. Lakini kitu kilikuwa mbele ya macho yangu: belo linanunuliwa limefungwa! Unalipa, unakata kamba, ndo unajua umepata nini. Nikaandika hivi:

"Jumatatu alfajiri ananunua belo la mashati la kilo 45 ambalo haruhusiwi kulifungua kabla ya kulipa. Hela ni ya mkopo, inarudishwa Jumamosi. Kabla ya tangazo tunaona kilichotoka ndani ya belo. Baada ya tangazo tunaona kama kinauzika. Amekubali kurekodiwa wiki nzima na fomu ya ridhaa ameshasaini."

Sentensi tano baada ya wiki tatu, nimeisoma kwa sauti mara ishirini na bado naipenda. Ile ya mwisho msiiache, maana swali la kwanza meneja alilouliza kwenye simu ni "huyo mtu mnaye kweli?", mimi fomu ninayo mkononi. Halafu muhimu, sikuandika kama hela inatimia au haitimii, kwa sababu sijui, na nikiahidi mwisho wa furaha nitajikuta namsukuma mama wa watu auze mbele ya kamera, hapo imeshakuwa maigizo.

Kuhusu kutuma: barua iweke ndani ya imeili yenyewe, ukurasa mmoja, PDF ya bajeti pembeni. Tiza, ile video fupi ya kuonjesha kipindi, tuma linki yenye nywila, usiambatanishe, Gmail inagoma ukizidi 25 MB na hata ikipita nani atadauniludi. Tiza yangu ni dakika moja na nusu, nimepiga kwa simu, picha hakuna aliyelalamika. Sauti ndo inaua. Sokoni maiki ya juu ya kamera inakusanya spika za jirani na honi zote, maiki ndogo ya kubana kwenye kola ndo inamleta mtu karibu, hapa sibishani na mtu.

Nilipanga leo niandike bajeti nilivyoipiga, lakini simu ile imenivuruga kichwa. Nimeanza kuzipanga upya sehemu zote tano zilizobaki kwa swali lilelile: ni kitu gani huyu mtu hakijui asubuhi na jioni atakijua? Fundi anayenunua simu mbovu kwa mafungu anayo, hajui ngapi zitawaka. Muuza miamvuli naye anayo, anaangalia mawingu. Mwenye kibanda cha vocha nimempenda sana kama mtu lakini sijampatia swali, na nikikosa mpaka Ijumaa namtoa, inaniuma.

Jumatatu alfajiri tunarekodi belo. Kamba inakatwa mara moja tu, hakuna kurudia, kwa hiyo nakwenda na kamera mbili, moja kwenye mikono na moja kwenye uso wake.