Sato wa Ijumaa

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii vijana wa jumuiya yetu hapa Kirumba walikuwa wakirekodi video ya dakika mbili ya kuwaeleza majirani kwa nini tunafunga. Walianza na Yesu kufunga siku 40 jangwani. Jirani yetu Mwislamu, mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Wanangu, sisi tukifunga hata maji hatunywi mpaka magharibi. Nyie Ijumaa mnaacha nyama, halafu mnakaanga sato. Hapo mmefunga nini?"

Tulimjibu kwamba hapo kuna mambo mawili. Siku ambazo Kanisa linatuagiza kufunga ni mbili kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mwenye umri wa kuanzia miaka 18, mpaka aingie mwaka wa 60, anakula mlo mmoja wa kushiba na vingine viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifikii huo mmoja. Maji anakunywa. Mgonjwa habanwi, wala mjamzito. Kuacha nyama siku za Ijumaa ni jambo la pili, nalo linaanzia miaka 14. Ijumaa ndiyo siku aliyokufa Bwana, na nyama tangu zamani ni chakula cha sherehe, kwa hiyo tunaiweka kando. Samaki hajakatazwa.

Lakini sisi tunaishi ziwani. Sato mzima aliyenona, na ndizi pembeni, ni karamu kamili. Anayemla Ijumaa hajavunja sheria, ila mimi sioni alichojinyima, na nilimwambia mama yule hivyo hivyo, kwa kuwa swali lake lilikuwa la haki.

Ndipo kijana wetu wa bodaboda akaeleza anavyofanya yeye. Mchana huwa anakula ugali na nyama kwa shilingi 4,000. Ijumaa za Kwaresima anakula ugali na dagaa kwa 1,500. Ile 2,500 inayobaki anaitia kwenye bahasha jioni ile ile, maana ameona ikilala mfukoni, Jumamosi inageuka soda na vocha. Kwa Ijumaa nne ikafika 10,000. Akanunua unga, sukari na sabuni, akampandishia bibi mmoja anayeishi peke yake kule juu kwenye mawe, ambaye magoti hayamruhusu tena kushuka sokoni. Nabii Isaya, sura ya 58, anasema mfungo anaoutaka Mungu ni huo wa kumgawia mwenye njaa chakula chako. Bila ile bahasha, kijana wetu angekuwa amebana matumizi tu.

Mama akanyamaza kidogo. "Hata kwetu, futari hailiwi jirani akiwa na njaa," akasema. "Sasa mbona la bibi mmeliweka mwisho?"

Vijana wakafuta walichorekodi. Jumamosi wanapanda tena mlimani na simu, kumwomba bibi ruhusa ya kuanzia mlangoni kwake.