Siku moja ya fundi cherehani: kurasa mbili za daftari langu

Saa 12:30 asubuhi. Chai ya rangi, mihogo ya jana, daftari mezani. Ni la shule tu, lile la kurasa 96, ila nimeligawa kwa namna yangu. Ukurasa wa kushoto ni wa ahadi, yaani kazi nilizokwisha kupokea na siku nilizojiwekea kuzimaliza. Ukurasa wa kulia unaanza asubuhi ukiwa mweupe. Huo ni wa wageni, na wageni siyo watu tu: umeme nao mgeni, sindano ikivunjika nayo mgeni.

Leo kushoto pana kazi nne. Kukata sketi 4 za shule, saa 1. Kumalizia gauni la kitenge lenye bitana, saa 2. Kushona sketi 2 kati ya hizo 4, saa moja na nusu. Kupunguza koti la mzee mmoja, saa 1. Jumla saa tano na nusu. Kibanda changu hapa Ngamiani, Tanga, nakifungua saa 2 asubuhi na kukifunga saa 11 jioni, ndiyo saa 9. Toa saa 1 ya sala ya adhuhuri na chakula, zinabaki 8. Kwa hiyo saa mbili na nusu sijazipa kazi yoyote, na sizipi hata mteja akija na fedha mkononi wiki nzima kabla.

Zamani nilizijaza zote 8. Ndiyo ile hali mnayoijua nyie wateja: unamkuta fundi, anakwambia "bado vifungo tu", kumbe kitambaa chako hakijaguswa na mkasi. Sikuwa mwongo kwa kupenda. Hesabu yangu ilikuwa sahihi hadi mtu wa kwanza apige hodi, na watu hupiga hodi kila siku.

Nikaandika mwezi mzima kila kilichonikatiza na dakika zake. Ilitoka wastani wa karibu saa 1 na dakika 50 kwa siku. Mwanzoni nikaacha hizo hizo, nikaona bado nachelewa siku nyingi. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa wastani unadanganya: kuna siku ya dakika 40 na kuna siku ya saa 4, na ukiacha wastani tu, karibu nusu ya siku zako zitafurika. Nikapandisha hadi saa mbili na nusu. Siku ya saa 4 bado hunizidi, lakini hiyo nina Jumamosi alasiri ambayo siipangii kitu.

Saa 2:00. Nakata. Hii ndiyo saa pekee ambayo simpokei mtu. Pazia nalishusha, binti ninayemfundisha anakaa mlangoni. Sababu ni kwamba mshono ukikosea unafumua, mkasi ukikosea umekosea. Mwaka juzi nilikuwa nakata kanzu, jirani akaja na habari za mnada, nikageuza kitambaa huku namwitikia. Nilipata mikono miwili ya kushoto. Kitambaa kilikuwa cha mteja, na dukani kilikuwa kimekwisha.

Kijana wa shule kaja na shati lisilo na kifungo. Binti kamshonea pale pale mlangoni, sikuinua kichwa.

Saa 3:00. Pazia juu, nusu saa tupu. Nimeiweka hapa makusudi, maana ndiyo saa ya akina mama wanaotoka sokoni na doti za kanga. Hawana subira na kanga, na wana haki, kupinda doti moja ni dakika 8 hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipindie hizi, naenda msibani saa tano."

Walikuja watatu. Dakika 25. Mtu atasema kwa nini nisiwaambie waache waje jioni. Wakiacha, doti 3 zinakuwa vitu 3 vya kutunza, kukumbuka na kuulizwa. Zikipita hapo hapo zimekwisha. Kazi isiyofika robo saa naiingiza kwenye nafasi iliyo karibu, inayozidi hapo inatafutiwa siku yake.

Saa 3:30. Gauni la kitenge. Saa 4:15 mota ya cherehani ikanyamaza, na redio ya kinyozi jirani nayo kimya. Umeme umeondoka.

Hili nalo lina mpango wake. Kazi ya ovaloki na pasi naitanguliza kila asubuhi, kwa hiyo kingo za gauni zilikwisha kufungwa. Bitana nikaihamishia kwenye cherehani ya kukanyaga, dakika 40 za mguu. Halafu nikavuta koti la mzee kutoka alasiri, nikaanza kulifumua kwa wembe, maana kufumua hakutaki umeme. Nusu saa ikaisha hivyo.

Umeme ulirudi saa 5:25. Gauni lilitakiwa liishe 5:30, likaisha 6:10. Lakini 5:30 hadi 6:30 kwenye daftari ni tupu, kwa hiyo kuchelewa kule hakukumgusa mtu mwingine. Na alasiri imenirudishia nusu saa, kwa kuwa koti limeshafumuliwa. Hasara halisi ni dakika 10 tu, za mguu kuwa mzito kuliko mota.

Saa 6:10. Bwana mmoja kaingia kinyumenyume. Suruali imeachana nyuma na ana kikao. Kajifunga kanga yangu nyuma ya pazia, nimempigia mshono mara mbili, dakika 15. Akaulizia pia bei ya suti. Nikamwambia aje Jumatatu tupime, leo nafasi hiyo sina. Dakika 5 zilizobaki nikakaa tu.

Siku nyingine nafasi hizi hazipati mgeni. Hapo kuna kapu chini ya meza: vifungo, pindo za mkono, nguo za kufumua. Sharti la kapu ni moja, kila kilichomo kiweze kuachwa katikati bila kuharibika. Siingizi humo gauni la wiki ijayo "nilitangulize". Nililifanya hilo nikajikuta nimeshikilia mkono wa gauni nusu umeingia kwenye bega, mteja wa dharura kasimama, nami nanuna kama vile yeye ndiye kaja kuharibu. Nafasi ilikuwa yake, mimi ndiye niliyeikalia.

Saa 6:30. Sala, wali na mchuzi wa papa. Redio ya kinyozi imefufuka.

Saa 7:30. Sketi za shule. Kama saa 8 hivi akaja dada mmoja na mfuko mweusi, uso umemvimba kwa kulia. Gauni la harusi ya kaka yake. Nikaha kesho asubuhi. Limeshonwa kwa fundi mwingine, amelichukua leo, zipu haifungi.

Nikamvalisha. Mgongoni pamebaki wazi inchi 2. Nikaligeuza ndani kutazama ubavuni, pale fundi anapoacha akiba, kile kitambaa cha ziada kinachojificha ndani ya mshono. Mimi huacha inchi nzima kila upande, kwa kuwa mtu hupimwa mwezi huu akavaa mwezi ujao. Hapa paliachwa robo inchi, kisha ovaloki ikapita ukingoni kabisa. Pa kuongezea hapakuwepo. Nadhani mwenzangu alitaka kubana kitambaa, na siwezi kumsema sana, kile kitambaa ni ghali.

Basi njia ni kutoa zipu, kuweka vitanzi pande zote mbili, kupitisha utepe wa satini kama kamba za kiatu, na nyuma yake kipande cha kitambaa ili mgongo usionekane. Uwazi wa zipu ni inchi 14, kitanzi kila inchi moja. Kazi ya saa moja na nusu.

Kabla sijajibu nikafungua daftari. Saa 10 hadi 11 tupu. Nusu saa ya koti niliyoipata asubuhi. Jumla ni saa moja na nusu kamili. Ingekuwa pungufu ningemwambia hapana, na ningemtajia fundi wa mtaa wa pili, maana kumwambia "acha tuone" ni kumnyima muda wa kwenda kwingine.

"Dada, linawezekana. Elfu ishirini. Sasa hivi nenda kanunue utepe wa satini mita 5, rangi hii hii. Urudi saa tisa na nusu, na usiondoke, nitakuwa nakuvalisha."

"Huwezi kuanza sasa?"

"Nikianza sasa, watoto wawili hawana sketi kesho. Saa tisa na nusu."

Hakupenda. Akaenda.

Saa 9:00. Sketi zimekwisha, koti nusu saa, mzee kalikuta limepigwa pasi. Alikuja mapema kuliko siku niliyomwambia. Nilimwambia kesho jioni, ingawa kushoto limeandikwa leo. Nafasi hiyo ya siku moja nayo nimeiacha, ila simtangazii mteja, akishaijua anaifanya ndiyo siku yenyewe.

Saa 9:30. Gauni. Binti anakata vitanzi vya inchi 2 na kuvikunja, mimi nafumua zipu. Katikati nikaswali alasiri, dakika 10. Kaja mtu na kitambaa cha kanzu, anataka Ijumaa. Nikamwambia leo na kesho zimejaa, Jumatatu ijayo anaipata. Akasema mbona hapo juzi alimwona mtu kashonewa papo hapo. Ni kweli, juzi nafasi ilikuwepo.

Kipande cha nyuma nilikikata inchi 5 kwa 15, kikawa chembamba, kinakunjika akiinama. Nikakitoa, nikakata cha inchi 7. Hapo ndipo zilipoenda dakika za ziada.

Saa 11:20 utepe umefungwa, gauni limekaa. Mtandio utafunika mgongo, hakuna atakayejua. Alicheka akajifuta uso na ncha ya mtandio.

Nikaandika ukurasa wa kulia: kanga 25, umeme 10, suruali 15, gauni pamoja na sala 110. Saa 2 na dakika 40. Nimeifunga siku kwa kuchelewa dakika 20, na kushoto kazi zote nne zimepigwa mstari. Kulia kukifurika siku 3 mfululizo, kama hii, huacha kupokea oda mpya siku 2. Kapu likiisha na mimi bado nakaa, napokea moja zaidi. Mfungo wa Ramadhani hesabu hii haifui dafu, hapo nafunga daftari mwezi 15, atakayekuja baada ya hapo avae ya mwaka jana.

Leo ni siku ya pili kufurika. Kesho kushoto pana saa tano na nusu tena, na dada wa gauni kaniambia mama yake naye ana blauzi inayobana.