Siku moja ya tajiri wa kipe Kigoma: ndoo 30 za dagaa, ngapi mbichi, ngapi chanjani

Saa 11:00 alfajiri

Kipe changu, chombo cha kuvulia dagaa kwa taa, bado kiko ziwani, lakini kazi ya mwaloni, pale ufukweni tunaposhushia samaki, imeshaanza. Usiku haukuwa na mbalamwezi, kwa hiyo dagaa wamekuja kwenye taa, na nahodha amepiga simu kusema wanarudi na ndoo kama 30 za lita 20. Ndoo iliyojaa vizuri hapa kwetu tunaihesabu kilo 18.

Kabla hata chombo hakijagusa mchanga, naangalia vitu vitatu: ni watu wangapi wa kuanika wamefika, chanja ngapi za wavu za kuanikia ziko wazi, na vipe vingapi vingine vinarudi na taa zao zikionekana kwa mbali. Hicho cha tatu ndicho wengi wanachokisahau. Taa zikiwa nyingi ziwani, bei ya mbichi itashuka mapema.

Saa 12:15 asubuhi

Chombo kimefika. Kwanza tunachambua. Mgebuka wanatolewa pembeni wote na kuuzwa wabichi kwa wenye migahawa, bila mjadala. Ana nyama nene, na ukimweka mzima kwenye chanja jioni utamkuta ngozi imekauka huku ndani bado maji, na kesho yake ananuka. Chanja ni ya dagaa.

Dagaa waliokaa chini kabisa ya chombo nao wanaangaliwa. Wamebeba uzito wa wenzao usiku kucha, matumbo yamepasuka, na tumbo likipasuka samaki haanikiki vizuri: anaganda kwenye wavu, na ukimgeuza kichwa kinabaki. Hao ndio wa kuuza kwanza, tena kwa kusema wazi kwamba ni wa chini, maana mchuuzi akijigundulia mwenyewe mjini, kesho harudi kwako.

Baada ya mgebuka kutoka, zimebaki ndoo 30 kamili za dagaa.

Saa 12:30

Sasa hesabu. Naiandika nyuma ya daftari la mafuta, na inachukua dakika tano.

Mbichi: wachuuzi wa mjini waliopo wanachukua ndoo 14 kwa shilingi 38,000 kila moja. Hao wakishajaza, wanabaki akina mama wa mitaani ambao wote kwa pamoja watachukua ndoo 6 kwa 30,000. Zaidi ya hapo ni 22,000, na inazidi kushuka kadiri jua linavyopanda.

Wakavu: ndoo moja ya kilo 18, ukitoa waliopondeka, inabaki kama kilo 17, na ikikauka sawasawa inatoa kilo 4.2. Mnunuzi wa wakavu yuko kwenye 12,000 kwa kilo, hiyo ni 50,400. Toa 3,000 ya kuosha na kuanika, 1,500 ya kugeuza na kuwalinda dhidi ya kuku na ndege, 900 ya gunia na kubeba hadi stoo. Mkononi inabaki 45,000.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Wanalinganisha 45,000 ya mkavu na 38,000 ya mbichi, wanaona tofauti ni 7,000, wanasema haina haja ya kuhangaika. Lakini ndoo ninayoipeleka chanjani siyo ile ambayo mchuuzi wa kwanza angeichukua. Ni ile ya mwisho, ambayo ingeuzwa 30,000 au 22,000. Kwa hiyo kila ndoo ya mwisho nikiianika badala ya kuiuza naongeza 15,000, wakati mwingine 23,000. Ndoo 14 za kwanza ziende mbichi. Vita iko kwenye 16 zinazobaki.

Saa 12:45

Kama ni hivyo, mbona nisianike zote 16? Kwa sababu ya mikono na chanja.

Chanja zangu ni 7, kila moja mita 12 kwa mita 1.5. Dagaa wa ndoo moja, wakitandazwa safu moja bila kulaliana, wanakula mita za mraba 9. Chanja moja basi ni ndoo 2, na zote ni ndoo 14. Ukilazimisha ya tatu kwenye chanja moja, dagaa watalaliana na wa chini hawatakauka siku hiyo.

Mikono: kubeba ndoo kutoka chomboni, kuosha kwa maji safi na kutandaza kunamchukua mtu mmoja aliyezoea dakika 45. Nina akina mama watatu. Kazi inaanza sasa na lazima iishe saa 3:45, kwa sababu baada ya hapo samaki ameanza kulegea na saa za jua zilizobaki hazitoshi. Muda wa saa tatu kwa mtu ni ndoo 4, watatu ni ndoo 12.

Kwa hiyo leo kinachobana ni mikono. Chanja zina nafasi ya ndoo 2 zaidi. Mama mmoja wa chanja ya jirani yuko bure, lakini anasema wazi: "Tajiri, mimi sinyanyuki kwa ndoo mbili. Nilipe za nne." Yaani 12,000. Anastahili, kwani asubuhi yake ndiyo imeisha hivyo. Ndoo mbili zinaniongezea 30,000, na ndani yake 6,000 ya kuanika nilishaitoa. Nyongeza yake halisi ni 6,000 tu, nabaki na 24,000. Aje.

Wa tano je? Huyo simhitaji hata akija kwa nusu ya bei. Wanne wanaweza ndoo 16, chanja zinapokea 14. Kuanzia hapo kinachobana kimehama, na pesa ya kuongeza mtu ni ya kutupa. Ningekodi chanja moja zaidi ingenifaa kuliko mtu, lakini leo zote mwaloni zimejaa.

Mgawanyo unakuwa huu: wakavu ndoo 14, mbichi 16. Mbichi zinaleta 592,000, wakavu 630,000, nikitoa ile 6,000 ni 1,216,000. Ningebaki na watu watatu ingekuwa 1,192,000. Ningeuza zote mbichi, 932,000.

Saa 1:30

Mbichi zimekwisha. Pesa hii ndiyo inayonunua petroli na kuchaji betri za taa kwa ajili ya leo usiku, kwa hiyo hata siku ambayo chanja zingetosha zote, siwezi kuanika zote: wakavu hawalipi leo.

Kuna na suala la mabaharia. Mgao wao wanautaka leo, nao hawakukubaliana na jua wala mvua. Njia isiyoleta ugomvi ni kuzihesabu ndoo za chanjani kwa bei ya mbichi ya asubuhi, kuwapa sehemu yao kwa bei hiyo, na faida au hasara ya kuanika ibaki ya tajiri. Bei inayotumika isemwe mbele ya wote kabla ndoo ya kwanza haijabebwa.

Saa 3:40

Ndoo ya 14 imetandazwa. Napita chanja kwa chanja nikiangalia kitu kimoja: je, wavu unaonekana katikati ya samaki? Ukionekana, upepo unapita. Pale walipomwagwa kama mchele, natawanya kwa kiganja.

Saa 5:30

Kugeuza. Wakati wake siyo saa, ni mkono. Mnyanyue mmoja kwa mkia: akitoka mzima bila kuacha ngozi, chanja iko tayari. Akiacha ngozi, subiri nusu saa. Ukigeuza mapema unavunja vichwa, na dagaa asiye na kichwa anaangukia kwenye fungu la bei ya chini hata kama amekauka vizuri.

Saa 8:00 mchana

Ni Oktoba, na wingu limekaa juu ya milima ya upande wa Kongo. Mvua ndiyo inayoharibu hesabu yote ya asubuhi, kwa hiyo nayo lazima iwe na namba. Dagaa aliyenyeshewa akiwa nusu mkavu anakuwa mweusi, na kinachobaki ni kumuuza kama chakula cha kuku. Baada ya gharama, ndoo inaniachia kama 10,000. Kutoka 45,000 hadi 10,000 ni kupoteza 35,000.

Ukilinganisha na ndoo ambayo ingeuzwa 38,000, mvua ikipiga siku moja katika tano, kuanika hakuna faida tena. Ukilinganisha na ile ya 30,000, naweza kuvumilia hata siku tatu za mvua katika saba. Ndiyo maana msimu wa mvua ukianza siachi kuanika, ila naanika zile ndoo za mwisho tu, na wachuuzi nawauzia wote wanaotaka.

Turubai linafungwa juu ya miti, kiganja na nusu juu ya samaki, pande mbili zikiwa wazi. Lisilazwe juu ya dagaa. Likiwagusa, joto lao linageuka jasho ndani ya dakika chache, na utakuwa umewanyeshea mwenyewe. Tone chache zimeanguka, wingu limepita, saa 8:50 turubai limeondolewa.

Saa 11:15 jioni

Kukusanya, kabla umande haujaanza. Dagaa aliyekauka ukimkunja anavunjika shingoni kwa mlio. Akijikunja kama ugwe bado ana maji. Hawaingii kwenye gunia na joto la jua. Wanamwagwa kwenye mkeka kivulini hadi wapoe, la sivyo gunia litatoa jasho usiku na baada ya siku chache utaona ukungu mweupe kwenye macho.

Halafu mizani, chanja kwa chanja. Chanja moja inatakiwa itoe kilo 8.4. Tano zimetoa 42 kwa jumla, sawasawa kabisa. Mbili zilizo karibu na mwembe zimetoa 20 badala ya 16.8. Hiyo kilo 3.2 ya ziada siyo zawadi, ni maji. Kivuli cha mwembe kimeanza kuzifikia tangu saa 9, na ule muda wa turubai umemalizia.

Wale wa chanja za mwembe wanalala kwenye mkeka ndani ya stoo, hawafungwi. Kesho watarudi juani hadi saa 4 hivi, na saa hiyo siyo ya kuanza kuanika wabichi. Kwa kesho basi nina chanja 5, ndoo 10, na akina mama watatu wanaweza 12.

Nimempigia yule mama wa nne kumwambia kesho asije.