Kazi tatu zilizopotea kati ya ukurasa na ukurasa

Simu ilitoka kwa fundi aliyekuwa akitumia programu yetu kila siku. Hakupiga kwa hasira. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujitilia shaka mwenyewe: "Kaka, hivi kazi zinaweza kujificha humu ndani?" Mteja alikuwa amemlalamikia kwamba hakufika. Ofisini kazi hiyo ilionekana wazi kabisa, imeandikwa jina lake. Yeye aliapa kwamba alisogeza orodha kutoka juu hadi chini asiione.

Programu hiyo niliiandika mimi upande wa simu, na kwa sehemu kubwa upande wa seva pia. Ilikuwa na orodha ya kazi zilizo wazi, mpya juu, za zamani chini. Seva ilitoa 20 kwa mara moja, na fundi akifika chini simu iliomba nyingine kwa `?limit=20&offset=20`, yaani ruka 20 za kwanza, nipe 20 zinazofuata. Nilipoifungua mimi, kazi ile ilikuwepo. Nikaifunga, nikaifungua tena, ikawepo. Nilikaribia kumwambia fundi aangalie vizuri.

Kilichoniokoa na aibu hiyo ni kumbukumbu za seva. Asubuhi ile simu yake iliomba ukurasa wa kwanza, kisha zikapita dakika 11 kabla haijaomba wa pili. Alikuwa akisoma, au akinywa chai, si kitu. Ndani ya dakika hizo ofisi ilifunga kazi 3 zilizokuwa miongoni mwa zile 20 za juu. Kazi ikifungwa hutoka kwenye orodha ya zilizo wazi. Basi zilizokuwa nafasi ya 21, 22 na 23 zikapanda hadi 18, 19 na 20. Simu ilipoomba "ruka 20", seva ikaruka hizo tatu pamoja na nyingine, ikaanza na iliyokuwa ya 24. Tatu hizo simu haikupewa kwenye ukurasa wa kwanza wala wa pili. Seva haikukosea hesabu. Swali ndilo lililokuwa bovu, kwa sababu nafasi ni kitu kinachohama.

Linaloniuma mpaka leo ni kwamba nilikuwa nimeshaonywa. Miezi kadhaa nyuma, tukijaribu programu, kazi mpya ziliingia juu wakati mtu anasoma, na hitilafu ileile ikajitokeza kinyume chake: zilizokuwa mwisho wa ukurasa wa kwanza zikasukumwa chini, zikarudi tena mwanzoni mwa wa pili. Niliona kazi zimejirudia, nikaandika mstari mmoja wa kuondoa zenye `id` iliyokwisha kuonekana, nikaenda zangu. Kujirudia kunaonekana kwa macho. Kukosekana hakuonekani. Nami nilikuwa nimekizima king'ora pekee nilichokuwa nacho.

Kurekebisha seva hakukuchukua muda. Badala ya kuhesabu nafasi, simu sasa inashika alama ya kazi ya mwisho iliyopokea, na kuomba zilizo chini ya alama hiyo:

```sql
SELECT * FROM kazi
WHERE hali = 'wazi'
  AND (iliundwa, id) < (:wakati, :id)
ORDER BY iliundwa DESC, id DESC
LIMIT 20;
```

Juu ya alama zifungwe kazi 3 au ziingie 30, kilicho chini yake hakitikisiki. Ile `id` haipo kwa pambo: kuna siku ofisi iliingiza kazi nyingi kwa faili moja, zote zikapata wakati uleule hadi sekunde, na kwa wakati peke yake mpaka wa ukurasa ungekata katikati yao na kuacha nyingine nyuma. Vilevile tulipanga kwa wakati wa kuundwa, si wa kuhaririwa, kwa kuwa kinachohaririwa kingeruka juu ya alama msomaji akiwa katikati ya safari. Tulichopoteza ni uwezo wa kuruka moja kwa moja hadi ukurasa wa 7, jambo ambalo sijawahi kuona mtu akilifanya kwenye simu.

Nilidhani nimemaliza. Wiki iliyofuata fundi yuleyule akapiga tena, safari hii akicheka: "Sasa zimezidi."

Hapo tatizo lilikuwa kache yangu. Ili orodha ifunguke papo hapo hata mtandao ukiwa dhaifu, skrini ilisoma kutoka SQLite ya kwenye simu, na jibu la seva liliandikwa humo humo. Skrini yenyewe haikugusa mtandao kamwe. Mpango huo naupenda hadi sasa. Ila nilikuwa nikiandika kwa kuongeza tu: kazi ipo, ibadilishe, haipo, iweke. Seva inapotuma kazi 20 zilizo wazi haikutajii zilizofungwa. Inazinyamazia, na mimi sikuwa nikiusikiliza ukimya. Kazi zilizokufa zikabaki kwenye simu kama mizimu.

Jawabu la haraka lilikuwa kufuta kache yote kila tunapoburudisha. Nilijaribu. Mtu aliyekuwa amesogeza hadi kazi ya 60 akajikuta amebaki na 20, na kwa kuwa nilifuta kwanza kisha nikaandika, skrini ilipata nafasi ya kuchora orodha tupu katikati. Iliwaka nyeupe na kurudi juu kabisa.

Nilipotulia ndipo nilipoelewa ukurasa unasema nini hasa. Ukurasa wa kwanza unadai: kuanzia juu kabisa hadi kazi hii ya mwisho, zilizo wazi ni hizi tu. Kwa hiyo ndani ya kipande hicho naweza kufuta kila kilichomo kwenye kache na kuweka jibu jipya, vyote ndani ya muamala mmoja, bila kugusa kilicho chini:

```sql
BEGIN;
DELETE FROM kache_kazi
WHERE (iliundwa, id) >= (:wakati_mwisho, :id_mwisho);
-- hapa ziingizwe zile 20 mpya
COMMIT;
```

Ukurasa wa pili hufuta kati ya alama mbili, yake na ya uliotangulia. Seva ikirudisha pungufu ya 20, maana yake tumefika mwisho, na vyote vya chini vinafutwa.

Ikabaki hali moja. Simu ikizimwa siku kadhaa, zinaweza kuingia kazi 50 mpya. Ukurasa wa kwanza huleta 20 zilizo juu, na chini yake kuna kache ya zamani, katikati pengo lisiloonekana. Dalili ni kwamba hakuna hata moja kati ya 20 hizo iliyokuwemo kwenye kache. Nikikuta hivyo nafuta pia za chini, na fundi azivute upya akisogeza. Pengo lisipokuwepo za chini hubaki, na yoyote kati yake inaweza kuwa mzimu hadi atakapoifikia. Akiibonyeza, simu huuliza hali ya kazi hiyo moja na kuiondoa ikiwa imefungwa.

Ule mstari wa kuondoa marudio niliubadilisha utume taarifa badala ya kunyamaza. Ulilia mara moja katika wiki ya kwanza: skrini ya utafutaji, niliyokuwa nimeisahau kabisa, bado ilikuwa ikiomba kwa `offset`.