Halua ya Hamadi: nilivyomnasa "kaka" wa kwenye vidio

Kila ninapolisimulia jambo hili, la tapeli aliyempigia mama vidio kwa sura ya kaka yangu, hapakosi bingwa wa kunambia: "Ungemwambia tu apitishe mkono mbele ya uso, sura ya bandia ingevunjika." Ahsante. Nilimwambia. Akapitisha, tena taratibu, na uso wa kaka yangu ukabaki pale pale. Ukingo wa kidole ulififia kidogo kwenye shavu, basi, na kwa mtandao wetu wa jioni hapa Wete hata mimi mwenyewe nikipitisha mkono nafifia. Mwengine akanambia ningetazama kope, eti sura za bandia hazipepesi. Hayo yalikuwa ya mwaka 2018. Siku hizi zinapepesa vizuri, kwa sababu anayepepesa ni tapeli mwenyewe na programu inamfuata macho.

Sasa nieleze ilivyokuwa. Kaka yangu anafanya kazi Maskati. Jioni moja, msimu wa karafuu ndio kwanza umemalizika na mama ana pesa zake ndani, simu ya mama ikaita. Vidio. Jina la kaka, picha ya kaka, na juu yake mazungumzo yao yote ya nyuma, mpaka zile salamu za Ijumaa. Mama akapokea, akaona sura ya mwanawe, akaniita nije nimsalimie.

Kaka alikuwa na shida. Mzigo wake umefika bandarini Dar, wakala wa forodha anataka ushuru usiku huo huo, ukilala hapo unaanza kulipiwa gharama za kuhifadhiwa. Yeye mshahara haujaingia. Mama atume milioni moja na laki nne kwa namba ya wakala, yeye atarudisha mwisho wa mwezi. Sauti ilikuwa ya kaka, au karibu yake sana, lakini sentensi zilikuwa fupi fupi na kila baada ya maneno mawili "mtandao mbaya, mama, mtandao mbaya."

Mimi kilichonitia wasiwasi kwanza hakikuwa uso. Picha ilikuwa imelala, pana. Kaka hutupigia kasimama, simu kaishika wima, nusu ya wakati tunatazama dari ya chumba chake. Picha iliyolala mara nyingi ni ya kompyuta, na kaka hana kompyuta. Baadae ndio nikaelewa kwa nini: programu ya kubadilisha sura inakaa ndani ya kompyuta. Tapeli anakaa mbele ya kamera yake, programu inakamata uso wake picha baada ya picha na kubandika uso wa mtu mwengine juu yake, kisha inaitoa ile picha kama vile ni kamera ya kawaida. WhatsApp ya kwenye kompyuta haijui tofauti. Na uso wenyewe si kazi kuupata, kuna programu zinazoridhika na picha moja tu, na kaka kajaa tele mitandaoni, harusi za watu zote yumo.

Jambo la pili ni kilemba. Alikuwa amejifunga kilemba cha Kiomani mpaka kimefunika masikio, mtu ambaye akirudi kazini havai hata fulana. Programu hizi kwa kawaida hubadilisha uso tu, kuanzia kipaji mpaka kidevu. Nywele, masikio na shingo ni vya tapeli. Kaka sikio lake la kushoto lina kipande kimekatika tangu utotoni, aliumwa na punda, na hadithi hiyo siimalizi hapa kwa heshima yake. Kwa hivyo ukitaka kumkagua mtu, tazama masikio, si macho. Lakini kilemba kimoja tu kinaumaliza ukaguzi wote, kwa hivyo usijidai.

Mama alishatoa pesa kabatini. Nikimwambia "huyu si kaka" mbele ya simu, atanitukana, na tapeli atakata na kupiga tena mimi nikiwa sipo. Nikaona nimuulize swali. Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanauliza swali la kweli: jina la bibi, skuli uliyosoma, jina la mtoto wako wa mwisho. Yote hayo yako kwenye simu. Na mtu aliyeiba akaunti anaweza kuwa ana mazungumzo yenu mbele yake, anasoma tu. Mimi nikauliza la uongo.

"Kaka," nikamwambia, "ile halua niliyompa Hamadi akuletee imefika?"

Kwanza, hatuna Hamadi yeyote anayekwenda Maskati. Pili, na hapa mtu wa Pemba ashacheka, ni nani mwenye akili zake atakayepeleka halua Omani? Wanatoka nayo huko! Kaka yangu wa kweli angenitukana pale pale. Huyu akanyamaza kidogo, kisha akatabasamu tabasamu la kaka na kusema, "Imefika, nashukuru sana, tamu kweli."

Mama akanitazama. Nikaendelea, maana nilishaanza kuona raha: "Hamadi hakuidokoa njiani?" "Hapana, imefika yote." "Hata ile ya pilipili?" "Hata hiyo, nimewapa na wenzangu." Halua ya pilipili! Mama akafunika mdomo kwa ukaya. Mimi nikamwambia, "Haya kaka, mama anakwenda kwa wakala, subiri," nikakata.

Sikumpigia tena pale pale kwenye WhatsApp, na hili nalisisitiza kwa sababu mjumbe wa familia yetu mmoja, ami yangu, mpaka leo anashauri watu "mkate mumpigie tena." Mpigie wapi? Akaunti ilikuwa ya kaka kweli, ila mwenye kuishika si kaka. Ungepiga hapo, angepokea yule yule mwenye kilemba. Nilichukua daftari la namba la mama, nikapiga laini ya kawaida ya Omani, kwa salio. Haikupokelewa, kwa sababu kaka akiwa zamu simu hubaki kwenye sanduku lake la nguo. Nadhani tapeli saa hiyo hakuichagua kwa bahati. Nikampigia anayekaa naye chumba kimoja. Akasema, "Yuko kazini, na asubuhi alikuwa analalamika WhatsApp yake imemtoa."

Usiku kaka akapiga, kwa laini. Siku moja kabla, mtu anayemjua (naye alishaibiwa akaunti yake) alimwandikia kwamba namba zake sita zimeingia kwa makosa kwenye simu ya kaka, amrudishie. Akarudisha. Zile namba sita ndizo ufunguo wa akaunti: ukizitoa, simu yako inatolewa nje na mwengine anaingia. Kuirudisha ni kuingiza namba yako ya simu upya na kusubiri namba sita mpya kwa meseji. Ukiziandika, mwizi anatoka. Ikiwa mwizi alishaweka PIN yake, wewe mwenyewe utasubiri siku 7 kuingia, lakini yeye yuko nje tangu pale. Kaka alibahatika, haikuwekwa. Akaingia, akafungua `Linked devices` na kuondoa asichokijua, kisha akaweka PIN yake kwenye `Two-step verification`. Mimi ile namba ya "wakala wa forodha" niliituma 15040, kama tunavyoelekezwa kwa namba za matapeli.

Kuna waliosema mama yangu kakaribia kuibiwa kwa sababu ni mtu mzima, hakusoma. Mwaka 2024 Hong Kong mfanyakazi wa kampuni kubwa aliingia mkutano wa vidio, akawaona mkuu wake wa fedha na wenzake, wote sura za bandia, akatuma pesa zinazokaribia dola milioni 25. Huyo alisoma. Basi mwacheni mama yangu.

Baada ya hapo tukakaa kitako familia nzima kutafuta utaratibu. Kila mtu alikuja na "neno la siri," na ni ushauri ambao hata FBI ya Marekani iliutoa Desemba 2024, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na shangazi. Tulikubaliana neno tukiwa barazani, kwa kunong'ona, watoto tumewafukuza. Kesho yake asubuhi shangazi akaliandika kwenye kundi la familia: "Jamani lile neno letu ni fulani au fulani?" Na ami akamjibu kwa sauti, mara mbili. Tukabadilisha. La pili mama akalisahau, akawa anamuuliza anayempigia, "Hebu nikumbushe neno letu." Tukaliacha.

Kilichobaki ni daftari. Kila aliye nje ana mstari wake: laini ya kawaida, na namba ya mtu wa pili anayekaa naye au anayefanya naye kazi, maana ukimkosa wa kwanza ndipo unapoibiwa. Anayeomba pesa, awe amelia awe amecheka, anakatwa, na sisi ndio tunaopiga. Kupigiwa hakuhesabiki hata ikitokea namba ya kweli, kwa sababu namba inayoonekana kwenye kioo nayo inaweza kughushiwa. Ambapo salio ni dogo tunabipu ile laini na kusubiri, maana hapo tumeanza sisi. Kama wote wawili hawapatikani, pesa inalala kabatini. Kaka alinung'unika kwamba siku akipata shida kweli atasubiri. Nikamwambia atasubiri.

Swali la uongo mama kalipenda mno, na hapo pana tatizo lake. Juzi mpwa wangu, mtoto wa Unguja, mpole, kapiga vidio kumsalimia bibi yake. Hakuomba hata senti. Mama akamuuliza, "Zile chaza nilizompa Hamadi zimefika?" Mtoto wa watu, kwa adabu zake, hakutaka kumwambia bibi kuwa amesahau au amedhulumiwa na Hamadi, akajibu, "Zimefika bibi, ahsante sana." Mama akamkatia simu na kuanza kumlaani tapeli. Ikabidi nimpigie mpwa wangu kwa laini ya kawaida. Ndiye yeye, yuko Mwanakwerekwe, kachanganyikiwa, anaulizia Hamadi ni nani na chaza zake kazipeleka wapi. Kwa hivyo mtu akikubali uongo wako usimhukumu bado, watoto wetu tumewalea hivyo. Piga laini. Na huyo Hamadi nimemwambia mama amstaafishe, sasa anajulikana mpaka Mkoani.